Picha ya Kipaimara

Hapa Ihanda, Nadhira ndiye muuza simu pekee anayesoma masharti kabla mteja hajabonyeza "Kubali". Sisi wengine tunabonyeza tu, kisha tunalalamika. Mimi nashona nguo kwenye baraza ya duka lake, na nimemtania mara nyingi kwamba atafunga duka kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku moja alikuja Placida. Huyu alikimbia kipigo cha mumewe huko Kamuli, na ukoo wa mume ukamzuia kuondoka na binti yake, Joyness. Mume hajui alikokimbilia. Placida alikuwa amesikia kuwa wifi yake huweka picha za mtoto mtandaoni, akanunua simu ili awe anamwona.

"Nikijiunga na huo mtandao, baba Joyness atajua?"

Nadhira akafungua sera ya faragha, akaisoma kimya, ndipo akaanza kueleza.

"Mama, wanasema hawauzi namba yako. Lakini mtu akiwaruhusu, wanachukua namba zote zilizomo kwenye simu yake, wapate kupendekeza nani anamjua nani."

"Basi mimi nitakataa."

"Ukikataa, hawachukui za kwenye simu yako. Je, huko Kamuli nani ana namba yako?"

"Wifi. Nilimpigia kwa laini yangu hii siku mtoto alipougua."

"Kama wifi aliruhusu, namba yako imeshafika kwao. Ukijiunga nayo, jina lako linaweza kumtokea."

"Lakini mimi sikumruhusu mtu."

"Ndivyo ilivyo, mama. Mwenzako anakubali kwa niaba yako. Tunaweza kutumia laini mpya na kuzima kinachoonyesha mahali ulipo. Hatari itapungua, haitaisha. Siwezi kukuapia."

Nilikasirika. Nilitaka adanganye, hata kidogo, mama wa watu apate kupumua. Placida aliizima simu yake mpya, akairudisha kwenye boksi.

"Bora nisijiunge," alisema. "Akinipata ataniua, na mtoto atabaki hana mama kabisa."

Nadhira akachukua simu yake mwenyewe, akautafuta ukurasa wa wifi. Ulikuwa wazi kwa kila mtu.

"Tazama hapa. Kutazama picha hakumpi taarifa. Ila usiiguse. Ukiigonga mara mbili inahesabika nimeipenda, na jina la duka litaonekana."

Joyness alikuwa amevaa gauni jeupe la kipaimara, amesimama kando ya migomba. Alikuwa amerefuka.

"Nani kamsuka?" Placida aliuliza.

Mwanga wa kioo ulipofifia, Nadhira aliugusa ukingo ukarudi. Placida akanyoosha kidole kuelekea shavu la mtoto, akakumbuka. Aliirudisha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaishikilia huko, na kuinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

Hatukuthubutu kuufuta.