Barua Ilisema Sidaiwi

Barua ya ofisi ya kodi ilisema pingamizi langu limekubaliwa lote na makadirio yao ya kodi yamefutwa. Walikuwa wamezihesabu kama mauzo pesa za kikundi chetu cha akina mama, zilizopitia akaunti ya duka langu la unga na maharagwe hapa Kakuma. Nilipeleka taarifa za benki na daftari la kikundi, wakaridhika. Jioni hiyo tulichinja mbuzi.

Baada ya wiki tatu hospitali moja ya misheni ikatangaza zabuni ya vyakula. Nikaenda kwa mzee Mkongo mwenye saiba, kibanda cha intaneti, anitolee cheti cha kutodaiwa kodi. Mfumo ukakataa. Akafungua leja yangu ya kodi mtandaoni, akavua miwani.

"Mama, hii deni iko tu. Na riba imeongezeka."

"Si barua unayo hapo?"

"Barua iko. Lakini mashini haijue barua."

Nikaenda ofisi ya kodi, Lodwar. Binti wa dirishani alinisalimia, "Ejok, mama," akaisoma barua mara mbili, akageukia kompyuta.

"Barua ni halali," akasema. "Ila uamuzi haujaingizwa kwenye mfumo. Wa kuingiza ni wale waliosikiliza pingamizi, na mkubwa wao aidhinishe. Mimi hapa siwezi kuigusa leja."

"Na riba?"

"Inajihesabu yenyewe, asilimia moja ya kodi hiyo kila mwezi, mpaka kodi iondolewe."

"Basi isimamishe."

"Sina pa kuisimamishia, mama. Labda ulipe kodi yote, halafu uombe kurudishiwa."

Nilimuuliza kurudishiwa huchukua muda gani. Akachomoa karatasi tupu. Hakuwa mtu mbaya. Alinisaidia kuandika ombi la kurekebisha leja na kuondoa riba tangu siku ya kwanza, tukaambatisha barua na nakala ya leja, akanipa namba ya kufuatilia.

Kila Jumatatu nilipiga simu. "Linashughulikiwa," waliniambia, kila mara sauti mpya, nami naanza hadithi upya. Usiku nilikuwa nikiifungua leja kwenye simu, kama mtu anayegusa jino bovu. Mwezi ukiisha, riba inapanda.

Zabuni ikafungwa. Sista mweka hazina wa hospitali alinishika mkono. "Pole, mama. Bila cheti siruhusiwi kukufikiria." Magunia ya maharagwe niliyonunua kwa ajili ya zabuni yalikuwa tayari yameingia wadudu.

Mwezi wa tano tangu niandike ombi, kodi ikatoweka kwenye leja. Nilipiga kelele za furaha pale saiba. Mzee Mkongo hakupiga. Alishusha ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: riba, yote, bado iko.

Nikampigia binti wa Lodwar. Akasema, "Hiyo riba sasa inahitaji ombi lake peke yake."

Mzee akavuta kibodi. "Tuandike nini, mama?"

Sikuwa na neno jipya. Nikamwambia aandike yale yale.