Mahali pa Kukaa Wale Wanne

Hii hadithi hainipambi hata kidogo. Ukimaliza kuisoma utajua kwamba mimi, mtu mzima aliyesomea kufundisha, nilishindwa na viti. Basi cheka, nimezoea. Wanafunzi wangu walicheka kwanza.

Nilikuwa kwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja juu ya kilima, si mbali na Litein, kule Kericho. Ukichungulia dirishani unaona majani chai mpaka macho yachoke. Nilipewa somo la kilimo, gredi ya nane. Kilimo kwa watoto waliozaliwa katikati ya chai ni kama kumfundisha samaki kuogelea, lakini sikuogopa. Mdomo ninao. Kwetu Kisii nyumbani mama alikuwa anasema nilipozaliwa sikulia, nilianza kubishana.

Shida ni kwamba mdomo hautulizi darasa. Hilo nililijua asesa alipokuja mara ya kwanza. Asesa ni mkufunzi wa chuo anayekaa nyuma ya darasa na kuandika ukiwa unatoa jasho. Siku hiyo nilikuwa nafundisha mmomonyoko wa udongo. Kila kikundi kinapata beseni mbili, moja ya udongo mtupu, nyingine ya udongo uliofunikwa nyasi. Unamwaga maji, unaona ni udongo gani unaoondoka. Somo tamu. Mimi nikagawa beseni kwanza, halafu nikaanza kueleza. Sijui nilitarajia nini. Ukishampa kijana wa miaka kumi na nne maji na matope, hayo maelezo yako mwambie nani? Nyuma kabisa kulikuwa na vijana wanne warefu, wamekaa kama wazee wa baraza, na beseni yao ndiyo iliyoanza kupiga chafya. Matope yalifika mpaka kwenye kiatu cha asesa.

Hakukasirika. Alipangusa kiatu kwa nyasi za beseni, akaniita nje. Akaniambia mpango wangu wa somo unaeleza vizuri mimi nitafanya nini, lakini hausemi wao watakuwa wapi, wala nitawanyamazisha vipi tukitoka hatua moja kwenda nyingine. Atarudi. Nisipoweza kushika darasa mara ya pili, narudia mazoezi yote na kundi litakalofuata, wenzangu wakiwa wamemaliza.

Sasa hapo ndipo ningeenda kwa madam. Madam ni mwalimu wa darasa lile, ndiye aliyepewa kazi ya kuniangalia, Mkipsigis wa hapo hapo, amefundisha wale watoto tangu wakiwa wanakosa meno. Lakini nilijiambia, hii ni kazi ya kalamu na rula tu. Jumamosi nikajifungia kwa chumba changu cha kupanga nikachora darasa. Msumbufu kando ya mtulivu. Kila mrefu wa nyuma nikamleta mbele, nikamweka kando ya kijana mdogo, mpole, asiye na neno. Kwa pembeni ya mpango, kila mahali somo linapobadilika, nikaandika: makofi. Mimi napiga pa-pa, wao wanajibu pa-pa-pa, halafu kila mtu kidole mdomoni. Niliyatoa gredi ya kwanza, pale yanafanya kazi kama dawa. Nikatazama karatasi yangu nikajipenda.

Jumatatu nikawasimamisha wote, nikawasomea viti vipya. Wasichana walikaa. Wadogo walikaa. Wale wanne walitembea vizuri, bila kelele, kila mmoja mpaka kwenye kiti chake kipya, wakasimama kando yake.

Nikawaambia wakae. Hawakukaa. Hawakununa, hawakujibu vibaya. Walishika madaftari mkononi wakasubiri niendelee, kama watu waliosimama kwa foleni ya kuuza majani chai. Aliyekuwa mrefu zaidi ndiye aliyewasemea.

"Mwalimu, sisi tutasimama tu. Hakuna shida."

"Kiti kina miiba?"

"Kiti ni kizuri, mwalimu."

Nikapiga pa-pa. Wasichana wakajibu pa-pa-pa huku wakianguka kwa kicheko. Wale wanne waliangalia dari. Walisimama somo zima, wakaandika wakiwa wamesimama, na mwandiko wao ulikuwa mzuri kuliko wangu. Na wale wadogo walioachiwa dawati peke yao walikuwa wamejikunja kama wameiba kitu.

Nilienda ofisi ya walimu nikiwa nimefura. Nikamwambia madam hao ni waasi, wanataka kuniangusha, nitawapeleka kwa mwalimu mkuu. Madam alikuwa anakunywa chai. Aliniomba karatasi yangu ya viti. Akaisoma, akaweka kikombe chini, akacheka bila sauti mpaka mabega yakacheza.

"Mwalimu wangu," akasema, "hawa wanne walitoka menjo Desemba."

Menjo ni ile nyumba ya jando, vijana wanakaa huko wanafundishwa kuwa wanaume. Wakitoka wametoka, utoto wameuacha huko. Hawa wanne waliingia pamoja na wakatoka pamoja, kwa hivyo wanakaa pamoja. Na wale wapole wangu nilioweka kando yao ndio wavulana ambao bado hawajaingia. Nilikuwa nimeoanisha kila mmoja, kwa ustadi mkubwa, na mtu asiyeweza kukaa naye dawati moja bila kutaniwa mpaka nyumbani. Hata ningejaribu kukosea, nisingepatia hivyo.

Nikamwambia ukweli, kwetu Kisii hiyo shughuli inaisha mtoto akiwa mdogo sana. Akifika gredi ya nane ameshasahau. Sikujua mtu anaweza kuja shuleni na jambo hilo likiwa bado bichi.

"Na makofi je?" akaniuliza. "Umewaambia wanaume wapige makofi ya watoto wa nasari, mbele ya wasichana."

Lakini madam hakuniambia niwarudishie benchi lao la nyuma. Hapo ndipo niliona ana akili. Alisema shuleni wote ni wanafunzi, na nikiwaacha kule nyuma watageuka wafalme, waanze kuwatuma wale wadogo maji na kalamu, jambo ambalo lilikuwa limeshaanza nami sikuwa nimeliona. Heshima yao niiweke, ufalme niuondoe. Basi tukachora upya, mimi na yeye, chai ikipoa. Wanne tukawagawa wawili wawili, kila mtu na mwenzake wa menjo. Wawili mbele karibu na mlango, wawili katikati kando ya njia, mahali ninapoweza kufika kwa hatua chache bila kuruka mikoba ya watu. Wale wadogo tukawaweka pamoja upande wa dirisha, na njia ipite katikati yao na wakubwa. Msichana asiyeona vizuri ubaoni akaja mbele, maana katika ustadi wangu wote nilikuwa nimempeleka nyuma.

Makofi nikayafuta. Badala yake: mkono juu, mdomo umefungwa, wao wakiona wanainua wao na kunyamaza. Madam alinionya nisiongee juu ya sauti zao, ningoje tu. Tukaandika mkono ule kwenye mpango kabla ya kila badiliko, na pale pa beseni nikapigia mstari: maelezo kwanza, mkono, kisha ndipo vitu vigawiwe. Nilitaka wale wanne wawe wa kuchota maji. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliuliza kabla. Madam akasema huku maji huchotwa na wasichana na wadogo, si mtu aliyetoka menjo. Nikaandika: wasimamizi wa saa na usafi wa meza.

Kesho yake kabla ya kipindi niliwaita wale wanne kando, chini ya ukingo wa paa. Niliwaambia nilikosea viti, sikujua. Nikawaonyesha mpya. Mrefu aliangalia karatasi muda mrefu kuliko nilivyopenda, akauliza mbona si nyuma. Nikamwambia nyuma simwoni mtu, na mimi nataka niwaone. Akawageukia wenzake, wakasemezana Kipsigis kidogo, kisha akasema sawa. Siku zilizofuata tukafanya zoezi la mkono mpaka wakachoka. Mara nyingine nilisimama nimeinua mkono peke yangu kama mtu anayesimamisha gari Kapkatet na gari hazitaki.

Asesa alirudi siku moja mchana, kuliona somo lile lile la beseni. Wanaojua Kericho wanajua mchana unaleta nini. Niliwaeleza kazi, kila mtu akasikia, nikainua mkono, wakanyamaza, beseni zikatoka. Vizuri kabisa. Wasimamizi wangu wakapita meza kwa meza na nyuso za serikali. Maji yakamwagwa, udongo mtupu ukaondoka, wa nyasi ukakaa, nami nikaanza kufurahi. Halafu mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati.

Huwezi kueleza ile sauti. Usingesikia hata ukipigiwa ngoma sikioni. Watoto wakainuka, wengine wakakimbilia dirishani kuona mawe, beseni moja ikaanza kuelekea ukingo wa meza. Nikafungua mdomo, huu mdomo wangu, nikaona hauna kazi. Asesa alikuwa ameacha kuandika. Ananitazama tu.

Nikainua mkono.

Hakuna aliyeuona. Nikangoja. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kupiga makofi, nilitaka kwenda zangu Kisii kwa miguu. Nikangoja. Hapo karibu na mlango yule mrefu akanitazama, akageuka akaangalia darasa, akainua mkono wake. Mwenzake akainua. Wale wawili wa katikati wakaona, wakainua, mmoja akashika ile beseni kwa mkono mwingine. Kisha wasichana. Kisha wale wa dirishani wakarudi mmoja mmoja, wadogo wangu, wakainua mikono yao mifupi. Darasa zima likawa limekaa, kimya, mikono juu, mvua inapiga mabati. Nikaonyesha kwa kidole: ubaoni. Nikaandika swali. Wakaanza kuandika majibu.

Mvua ilipopungua asesa alifunga kitabu chake. Mlangoni alinipa mkono akasema nimepita, nikamalize na wenzangu, na ule mpango nimpe nakala. Nikamwambia mpango wenyewe ni wa madam.

Baada ya kipindi nilimkuta yule mrefu akipanga beseni. Nilikuwa nimejaa furaha, nikitaka kusikia kwamba heshima imerudi, kwamba wamenikubali. Nikamuuliza ni nini kilimfanya ainue mkono kwanza.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "mkono wako ulikuwa umeanza kutetemeka. Tukakuonea huruma."