Osha Mara Tano, ya Sita Bure

Tangazo lile niliandika mimi. Nalikumbuka neno kwa neno, jinsi mtu anavyokumbuka kofi alilopigwa mbele za watu.

"Gari lako linakuaibisha? Lilete ling'ae! Tunafungua Jumatatu. Wiki nzima ya ufunguzi ni nusu bei. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku. Ijumaa tunafunga saa sita hadi saa nane kwa ajili ya swala. Chukua kadi yako. Kila ukiosha, unapigwa muhuri. Osha mara tano, ya sita bure!"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Garissa, na nitakiri kwamba nililisoma lile tangazo kwa sauti mara tatu, peke yangu, nikijisikia raha. Mwenye biashara ya kuosha magari alikuwa eeddo wangu, yaani shangazi, dada ya baba. Alikuwa mjane. Aliuza ngamia alioachiwa na marehemu mumewe, akanunua tangi kubwa la maji, mashine mbili za presha na sabuni ya povu, akasakafia kiwanja karibu na barabara ya kwenda soko la mifugo. Akaajiri vijana wawili kutoka Hola. Mashemeji zake walisema mwanamke kushika biashara ya mipira ya maji na wanaume waliokunja suruali ni kichekesho. Mkubwa wao, mwenye lori la kubeba mifugo, alitangaza hotelini kwamba hampi hata mwezi kabla hajafunga. Kwa hiyo eeddo hakuwa akifungua pa kuoshea magari tu. Alikuwa akiweka heshima yake barabarani ipigwe na jua, kila mtu aione.

Nilipompelekea tangazo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja. Kwetu shangazi humwita mpwa wake kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo akaniambia, "Eeddo, ya sita ya gari gani?"

Nikamwambia gari lolote, kwani kuna tatizo gani?

"Mtu akiniambia atanipa mnyama bure, mimi namuuliza: mbuzi ama ngamia? Andika."

Nikamweleza, kwa upole ule wa wasomi ambao ni matusi yaliyovaa kanzu, kwamba tangazo zuri halibebi maneno mengi. Mteja akianza kusomewa masharti, anaenda zake. "Watu wa hapa nawajua mimi," akasema eeddo. Halafu akaniachia, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda chuo kikuu. Nimefundisha methali ya asiyesikia la mkuu kwa miaka mingi, na nimewasahihisha wanafunzi walioikosea.

Tukachapisha. Matangazo tukayabandika kwenye kituo cha mafuta na kwenye steji ya tuktuk, na mengine nikayarusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Kadi zilikatwa kwa mkasi kutoka manila ya kijani, zina vyumba vitano vya muhuri na cha sita kimeandikwa BURE. Hazikuwa na nafasi ya jina wala ya namba ya gari. Hilo nalo lilikuwa wazo langu. Niliona linaharibu sura. Muhuri ulikuwa na picha ya ngamia, eeddo alivyotaka, naye aliuvaa shingoni kwa kamba kama funguo.

Jumatatu hadi Ijumaa mambo yalikwenda vizuri mno. Walimu walikuja, makarani wa kaunti walikuja, tuktuk zilijipanga. Mimi nilipita kila jioni kupokea sifa.

Jumamosi asubuhi, nikiwa nimevaa shati jeupe na kukaa kivulini na chai ya maziwa, lori likaingia. Lilikuwa la shemeji mkubwa. Lilikuwa limetoka Modogashe na mbuzi na ng'ombe, na safari hiyo ulikuwa ukiiona na kuinusa. Samadi ilikuwa imekaukia kwenye mbao za bodi mpaka juu, matope yamegandamana kwenye chesisi. Magari madogo matano yalikuwa kwenye foleni. Shemeji akashuka polepole, akatoa kadi ya kijani mfukoni, akaiinua ili foleni yote iione. Ngamia watano walikuwa wamejipanga humo, wazi kabisa. Alikuwa amewapa kadi ile madereva wa tuktuk za wanawe, wakaipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akaoshewa tuktuk yake kwa nusu bei na kupigiwa muhuri.

"Ya sita," akasema. "Bure."

Mmoja wa vijana wa Hola akasema, "Mzee, hizi mihuri ni za tuktuk."

"Wabi imeandikwa tuktuk? Soma haba. Soma bole bole." Kisomali hakina p, naye hakuitafuta. Akageukia foleni. "Imeandikwa gari. Hii lori si gari? Ama ni kuku?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, kabla sijakumbuka kwamba mwandishi ni mimi. Nikainuka kueleza kwamba kwa muktadha, maana iliyokusudiwa ni kwamba... Shemeji akanikata. "Mwalimu, wewe ndiye umeandika? Sasa imekuwa kombrehenshon?"

Foleni ikacheka zaidi. Nikamtazama eeddo. Angeweza kumfukuza, na jioni ile ile hotelini ingesemwa kwamba mjane ana kauli mbili. Hilo ndilo lililomleta shemeji, wala si usafi. Lori lile sikuwahi kuliona likioshwa tangu nizaliwe.

Eeddo akaichukua kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akairudisha.

"Ahadi ni deni," akasema. "Ingiza."

Kisha akawaambia wenye magari madogo kwamba vijana watawahudumia wao, hakuna atakayecheleweshwa. Akachukua buti za mpira na koleo, akaja nazo kivulini, akaziweka mbele ya chai yangu. "Mwandishi," akasema, "kaoshe ulichoandika."

Nilijifunza mengi siku ile. Samadi iliyokauka haitoki kwa presha, inakurukia usoni. Unailowesha kwanza, unangoja, unakwangua kwa koleo, ndipo unapiga maji, kisha sabuni, kisha maji tena. Nilianza kabla ya saa nne nikamaliza baada ya Alasiri. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walipita, wakarudi, wakapita tena. Tangi lilikuwa karibu kwisha. Shati halikuwa tena na rangi unayoweza kuitaja. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu nilikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa kwa shemeji.

Lori liling'aa. Shemeji alilizunguka mara mbili akitafuta kosa, hakulipata. Akasimama mbele ya eeddo. "Bado hujafunga," akasema. Eeddo akamkaribisha tena, nusu bei inaisha kesho.

Jioni ile aliniletea karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa zilizopinda: "Ya sita ni ya gari aina ile ile. Kadi moja, gari moja." Sikugusa hata nukta.

Kisha akavua muhuri shingoni, akachukua kadi mpya, akapiga ngamia mmoja katika chumba cha kwanza, akanipa.

"Hii ni yako, eeddo. Osha malori matano. La sita nitakuoshea mimi."

Ninayo mpaka leo. Ina ngamia watatu.