Reli Iliyofika Kisumu Kabla ya Nairobi

Nilirudi Eldoret kutoka Uingereza wakati wa mfumo wa chama kimoja, nikiwa na diploma ya uchoraji wa ramani za majengo, na sioni haya kusema kwamba mtaa wetu wa Munyaka haukuwa na mwingine wa aina hiyo. Niliipata kwa kuosha sahani mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Aliyenishika mkono ni dada yangu mkubwa, aliyeacha shule kidato cha pili mama alipofariki, ili mimi nibaki darasani.

Nilimkuta akifundisha darasa la kwanza huko Kiplombe bila cheti. Alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Akifaulu, angeingia chuo cha ualimu. Akianguka, mwaka uliofuata umri wa kupokelewa chuoni ungekuwa umempita. Kilichomtisha ni historia peke yake.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa amemwazima insha ya kurasa tatu kuhusu reli ya kutoka Mombasa hadi ziwani.

"Naisoma kama hadithi, tena tamu," aliniambia. "Nikifunga daftari, miaka yote inatoroka."

"Lete hapa. Sisi watu wa ramani hatuhangaiki na aya. Nitakutolea jedwali."

"Haya, Bwana Diploma."

Jumamosi asubuhi nilitandaza karatasi yangu nzuri ya kuchorea, nikapiga mistari kwa wino mweusi usiofutika. Safu mbili: mwaka na tukio. Kila nilipofika kwenye tukio katika insha nililiandika papo hapo, mstari chini ya mstari, kwa herufi zile zilizonipatia sifa Uingereza. Saa sita nilikuwa nimemaliza. Nililibandika jedwali ukutani, nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama.

Dada alikuja na kikombe cha chai. Alisoma polepole, midomo ikicheza.

"Hapa reli inafika Kisumu 1901," akasema.

"Ndiyo."

"Halafu inafika Nairobi 1904."

"Ndivyo insha inavyosema."

"Ilipita wapi kwanza? Angani?"

Nilichukua insha. Mwandishi alianza na mwisho: mwaka 1901 reli ilifika ziwani. Kisha akarudi nyuma, akaeleza kwamba kazi ilikuwa imeanza Mombasa miaka mitano kabla ya hapo, na kwamba baada ya miaka mitatu ikafika Nairobi. Ile mitatu ilihesabiwa kutoka mwanzo wa kazi, 1896. Mimi niliihesabu kutoka 1901, mwaka pekee uliokuwa umeandikwa kwa tarakimu katika aya hiyo. Mbaya zaidi, mistari yangu ilifuata mpangilio wa aya, na wino haukuniachia nafasi ya kuingiza kitu. Nilimwazia akiingia mtihanini na 1904 yangu kichwani.

Dada hakucheka. Alivuta kikapu chake cha shule, akatoa vipande vya boksi la maziwa ya shule, vile alivyofundishia watoto wa darasa lake kusoma.

"Tukio moja, kadi moja," akasema. "Penye 'miaka mitatu baadaye', uliza kwanza: baada ya nini? Andika kwa penseli."

Tuliketi sakafuni. Mimi nilisoma, yeye aliandika na kupanga kadi kwenye mkeka kuanzia mwaka wa zamani: 1895, Uingereza yatangaza himaya yake ya Afrika Mashariki. 1896, kazi yaanza Mombasa. 1899, Nairobi. 1901, Kisumu. Mwishoni aliweka 1924, reli ilipofika hapa kwetu Eldoret. Kadi ilipokaa vibaya aliisogeza kwa kidole, basi. Alipomaliza aliziangalia kwa muda.

"Zimenyamaza," akasema. "Insha ilikuwa inaniambia kwa nini."

Ndipo nilipopata la kufanya. Nilichukua karatasi nyingine, nikachora safu tatu: mwaka, tukio, na sababu au matokeo. Safari hii kila neno lilitoka kwenye kadi alizokwisha kuzipanga. Tulirudi kwenye insha kwa ajili ya ile safu ya tatu tu.

Wiki zilizofuata alikuwa akifunika safu moja kwa leso na kuitaja kwa kutazama nyingine. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta akisonga ugali na kutaja miaka, na kila akifika 1899 alinigeukia. "Nairobi, Bwana Diploma. Kabla ya Kisumu."

Barua ya chuo ilipokuja aliisoma amesimama mlangoni, akanipa niisome tena kwa sauti. Siku ya kuondoka nilimbebea sanduku hadi stendi. Jedwali la safu tatu nilimkunjia, lakini alisema nibaki nalo. Alichochukua ni kadi za boksi, zimefungwa kwa uzi. Alisema huko atafundishwa kufundisha, na angependa kuwaonyesha walimu wake kitu.

Nina vyeti vingi siku hizi, na vyote nimeviweka kwenye fremu. Katikati yao nimeliweka lile jedwali la kwanza, lenye Nairobi ya 1904.