Nyuma ya Leseni

Ukimpa kitu mkononi, alikigeuza kwanza. Gazeti alilianzia ukurasa wa mwisho, kopo la dawa alilisoma kitako, na kwenye harusi ya binti wa kaka yake aligeuza sahani mpya za maharusi moja baada ya nyingine mbele ya wakwe, mpaka mkewe akamfinya paja. Watu wakamwita Geuza, naye akaitika.

Meza yake ilikuwa kwenye kona ya ofisi ya kukodisha magari, na huyo binti wa kaka yake ndiye aliyekaa kaunta. Geuza alitafsiri leseni za watu waliotoka nje ya nchi, ili ofisi na bima wajue mteja anaruhusiwa kuendesha nini. Kazi hiyo ilishamla jino la mbele. Alimwambia mtu kwamba daraja lake la lori limekwisha muda, limebaki la gari dogo, akapewa ngumi. "Lilikuwa bovu hata hivyo," alisema, akatema damu na kuendelea kuandika.

Asubuhi ile picha mbili ziliingia kwenye simu ya kaunta: mbele ya leseni na nyuma yake. Mteja alitaka gari kabla ya adhuhuri. Nyuma, kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya mstari wa chini kabisa.

"Baba mdogo, tafsiri kinachoonekana. Mtu yuko njiani."

"Nimeshamaliza."

Binti akainama kuisoma. Daraja AM: pikipiki ndogo. Daraja B: gari lisilozidi kilo 3,500, abiria wasiozidi wanane mbali na dereva. Sharti 78, kwa daraja B: gari la gia otomatiki pekee. Mstari wa chini: hausomeki, umefunikwa na kidole.

"Kidole nacho ni tafsiri?"

"Si changu, ni chake. Mwambie aje na kadi yenyewe."

Mteja alikuja. Pande la mtu, shati limepigwa pasi, ananukia sabuni. Aliwaamkia vizuri, akaiweka kadi kaunta uso juu na kuikandamiza kwa kidole. Geuza aliivuta polepole, akaigeuza.

"Sharti la sitini na tisa," akasema. "Hii ni ya madaraja yote. Gari lenye kifaa cha kupima pumzi tu: dereva anapuliza, kikikuta pombe injini haiwaki. Hapa hatuna gari la namna hiyo, bwana."

"Mzee, umeniona nimelewa?"

"Sikusema hivyo."

"Basi iruke. Nani hapa anazijua hizo namba?"

"Mimi."

Mkono ulimdaka kisogoni, uso wake ukagongwa ukingoni mwa kaunta. Mara ya kwanza miwani ilipasuka. Mara ya pili kilichopasuka ni pua. Binti alimrukia yule mtu mgongoni, akapigwa kiwiko cha mdomo, akaanguka juu ya viti. Alipoinua kichwa, mteja alikuwa amechomoa ufunguo wa gari kwenye ubao wa ukutani na anamkanyaga baba yake mdogo mbavuni, bila haraka, kama mtu anayeshindilia udongo.

"Andika sabini na nane, basi! Andika!"

"Na sitini na tisa," Geuza alisema toka sakafuni.

Teke lililofuata lilimpata kichwani.

Mwosha magari aliingia na mpira wake wa maji ukiwa bado unamwaga. Alimpiga yule mtu usoni kwa chuma cha mdomo wa mpira, mara tatu, mpaka ufunguo ukamtoka mkononi. Wakamfunga kwa mpira uleule. Sakafu nzima ilikuwa maji mekundu.

Hospitalini Geuza alikaa kitandani, pua imejazwa pamba, akitania kuwa sasa amelingana na picha yake ya kitambulisho. Kichwa kilimuuma kidogo tu. Askari aliyekuja alitaka tafsiri kamili ya leseni, imesainiwa. Binti akaiandika yeye juu ya magoti yake, midomo imevimba. Kwenye mstari wa chini aliandika: *69. Mlevi. Haruhusiwi kuendesha gari lisilo na kifaa cha kupima pumzi.*

Akampa asaini. Geuza aliigeuza karatasi, akautazama upande mtupu, akairudisha. Akaisoma kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafunguka. Kalamu ikasimama hewani.

"Baba mdogo, saini. Angekuua."

Alimrudishia kalamu. Macho yalianza kumlegea, maneno yakawa mazito, na binti akadhani ni usingizi tu. Kumbe damu ilikuwa inajaa ndani ya kichwa. Binti alipowaita wauguzi, Geuza hakuamka tena.

Lakini kabla ya hapo, kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye lile neno.

"Mlevi futa, mwanangu. Kwenye kadi halimo."