Milioni Mia Nne Zisizokuwa Zake

Mtaani walimwita Chenji, kwa sababu hata ukienda na noti kubwa asubuhi na mapema, hakuwahi kukurudisha kwa kukosa chenji. Kibanda chake cha wakala wa pesa za simu kilibanwa kati ya fundi cherehani na duka la rangi. Kwa miaka sita aliweka na kutoa pesa za watu kupitia dirisha dogo lenye nondo. Alikuwa mjane, mwenye mabinti wawili shuleni na mama mkwe aliyekataa kuishi kwingine.

Barua ya ofisi ya kodi ilimfikia Jumanne saa nne asubuhi. Aliisoma amesimama, kisha akakaa chini bila kutazama kama kiti kipo. Iliandikwa kwamba mwaka uliopita mauzo ghafi ya biashara yake yalikuwa milioni mia nne na kumi na mbili, na hakuyatangaza. Alidaiwa kodi ya milioni kumi na mbili na ushee. Pingamizi lilipaswa kufika ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua. Akahesabu. Zilibaki tisa.

Mteja aligonga dirisha. "Dada, niwekee elfu ishirini."

Chenji alikosea namba yake ya siri mara mbili.

Fundi cherehani alipoona anakosea, alikuja akaisoma barua. "Funga kibanda," alinong'ona. "Hama mtaa. Hawa hawana mchezo."

"Nihame na laini iliyosajiliwa kwa jina langu?"

 Fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Siku tatu Chenji hakula chakula kikashuka. Kila aliyevaa shati jeupe na kubeba faili alimdhania ni mtu wa kodi. Nyumbani aliificha barua, mpaka mama mkwe alipomkuta jikoni anaangalia sufuria tupu juu ya moto.

"Mwanangu, umeiba?"

"Hapana, mama!"

"Basi nieleze mimi nisiyejua kitu."

Akaeleza habari ya barua. Mama mkwe akauliza, "Hizo milioni mia nne ziko wapi?"

"Hazipo. Zilipita tu. Za watu."

"Na wewe ulibaki na nini?"

"Kamisheni. Kampuni ya simu hunilipa kila mwezi."

"Waandikie hivyo hivyo. Usiongeze maneno ya kulia."

Akachomoa daftari la binti mkubwa, akaandika, akafuta, akaandika tena:

"Naomba kupinga makadirio haya. Kiasi mlichokiona ni jumla ya miamala yote iliyopita kwenye laini yangu, si mapato yangu. Mtaji wangu wa kuzungusha, tunaouita floti, ni milioni tatu. Tuseme asubuhi nina milioni moja na laki mbili mkononi, na milioni moja na laki nane kwenye simu. Mteja akija kuweka laki moja, fedha taslimu yangu huongezeka laki moja na salio la simu hupungua laki moja. Mwingine akija kutoa laki moja, hurudi pale pale. Hesabu yenu inasoma laki mbili, lakini mimi bado nina milioni tatu zile zile. Mapato yangu ni kamisheni tu. Kwa mwaka mzima ilikuwa milioni mbili na laki nne na sitini elfu, na kampuni ilikata kodi kabla ya kunilipa. Naambatisha mkataba wa uwakala, taarifa za kamisheni za miezi kumi na miwili, na vyeti vya kodi iliyokatwa."

Vyeti hakuwa navyo. Alivifuata kwenye kampuni, akazungushwa siku mbili, akavipata siku ya nane. Siku ya tisa alisimama mbele ya meza ya afisa wa kodi, mwanamke wa makamo aliyesoma bila kuinua uso. 

Afisa alirudia ukurasa wa kamisheni, akipiga hesabu kwa mashine. "Mfumo ulivuta miamala," akasema hatimaye. "Hukuuza bidhaa ya milioni mia nne. Hilo nimelielewa."

Chenji akapumua.

"Lakini ritani yako, ile fomu ya kutangaza mapato ya mwaka, iko wapi?"

 "Nilidhani wakishakata, yamekwisha."

"Kukatwa si kuwasilisha. Kuna faini."

Alitoka na karatasi ya kuthibitisha kuwa pingamizi limepokelewa, hajui faini ni kiasi gani. Wiki tano alifungua kibanda akiogopa kila mlio wa simu. Kisha barua ya pili ikaja, akampa fundi aifungue.

"Milioni kumi na mbili zimefutwa," fundi akasoma. "Kodi inahesabiwa kwenye kamisheni, na iliyokatwa inatolewa humo. Hudaiwi kingine ila faini ya kuchelewesha ritani. Laki moja na nusu."

Laki moja na nusu ilikuwa karibu robo tatu ya kamisheni ya mwezi. Alilia, na fundi hakujua ampongeze au ampe pole. Faini aliilipa kwa mafungu matatu.