Uji wa Saa Tisa

Katika sentimita alizopungukiwa mtoto yule, ngapi ni zangu? Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na sijapata jibu.

Mimi ni afisa lishe. Kwa miaka mingi nimezunguka vijiji vya Chemba na ubao wa kupimia urefu, nikiwalaza watoto juu yake huku mama akishika kichwa nami nikinyoosha miguu. Mtoto ninayemkumbuka hapa alikuwa wa kiume. Nilipoanza kumpima alikuwa na miezi kumi. Hakuwa amekonda, mashavu yalijaa, na mgeni angemsifu. Ila alikuwa mfupi kuliko umri wake, na kila niliporudi mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa umeteremka zaidi.

Mama yake alikuwa mwanamke mdogo, mnyenyekevu, aliyemaliza darasa la saba na kuyashika maneno yangu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilimwambia ampe uji mara tano kwa siku, uji wa uwele uliochanganywa na karanga zilizotwangwa, maziwa yakipatikana, yai likipatikana. Nyumba ile haikuwa na njaa. Mama mkwe wake, aliyeishi Kondoa, alikuwa akituma karanga, na ghala la uwele halikuwahi kuwa tupu. Nilipomwona binti yule anavyojitahidi, nilimpa zawadi mbele ya wenzake wa kliniki: chupa kubwa ya chai, ya kuhifadhi joto. Walimpigia makofi.

Miezi kumi baadaye mtoto alikuwa ameongezeka kidogo sana. Kwa uchovu, na nikiri, kwa hasira ya mtu aliyeona ushauri wake unadharauliwa, niliandika kwenye kadi: "Mama hamlishi mtoto ipasavyo. Aelimishwe." Nikaenda kijiji kingine.

Maneno yale yalisafiri haraka kuliko mimi. Niliporudi, nilimkuta mama mkwe ameshafika kutoka Kondoa, na mfuko wa nguo za mtoto uko mlangoni. Kesho yake asubuhi angepanda naye basi. Alikuwa ameamua kumlea mwenyewe.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Mimi sijui kusoma, lakini kijana wa bodaboda amenisomea ulichoandika. Sasa niambie, karanga nilizotuma kwa mkono wangu zimeingia tumbo la nani?"

"Mama, nampa zote," binti alisema akiangalia chini.

"Unampa! Baba yake akiwa na umri huu alikuwa anagusa kitasa cha mlango. Huyu anagusa nini? Mkia wa mbuzi!"

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nalitaja hilo kwa sababu kila mara nilizoea kufika asubuhi, uji ukiwa umetoka jikoni, unafuka mvuke. Siku ile pikipiki ilikuwa imeharibika njiani nikachelewa. Binti, ili kujitetea, aliinuka kumlisha mtoto mbele yetu. Alichukua chupa yangu ya zawadi na kumimina.

Uji ulitoka bila mvuke. Nilipokea kikombe, nikaugusa uji kwa mdomo. Ulikuwa vuguvugu na ulikuwa umeanza kuchacha.

"Umeupika saa ngapi?"

"Alfajiri, dada. Kuni ziko mbali siku hizi. Napika mara moja, naweka kwenye chupa, nampa mara tano kama ulivyosema. Hajawahi kukosa hata mara moja."

Uji unapopoa taratibu hadi kuwa vuguvugu, vijidudu vilivyomo huzaliana kwa saa kadhaa bila bughudha. Nilikuwa nimemwagiza mwanamke asiye na kuni apike mara tano, kisha nikamkabidhi chombo cha kuvilea.

Baada ya hapo niliona yote niliyopaswa kuyaona zamani. Kuku walikuwa wakitembea pale mtoto alipokaa, naye akaokota kitu ardhini akakitia mdomoni. Alipojisaidia, mama yake alikizoa kinyesi kwa jembe akakitupa nyuma ya ua, kwa kuwa pale kijijini kinyesi cha mtoto mdogo hakihesabiwi kuwa uchafu. Kuku wakaenda kukichakura. Nikamwomba binti kadi, nikafunua kurasa za nyuma. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameandika neno "kuhara" karibu kila mwezi. Alikuwa ameandika pia dawa ya minyoo, kisha minyoo tena. Dawa huua minyoo waliomo tumboni. Mayai yao yaliyo kwenye udongo wa uani hubaki yakimngoja. Kwa miezi kumi nilikuwa nikitazama ukurasa wa urefu tu.

"Mama," nilimwambia yule bibi, "ukinunua taulo jipya lina manyoya, linafyonza maji. Likichakaa, manyoya yanalala, maji yanapita tu. Utumbo wa mtoto ndani uko hivyo. Akihara leo, wiki ijayo tena, na hata siku asizohara akiwa anameza uchafu, manyoya yale yanalala na ukuta unavuja. Karanga zako zinaingia, lakini hazifyonzwi zote. Na kile kidogo kinachofyonzwa, mwili unakitumia kupigana badala ya kurefuka."

"Kwa hiyo Kondoa akila kwangu atarefuka?"

"Kwako kuku wanalala wapi?"

"Ndani, kwa ajili ya wezi," alisema, kisha akakunja uso. "Mwanangu, maneno yako matamu. Lakini kadi ina maneno mengine, na kadi ndiyo ya serikali. Kesho tunaondoka."

Nililala kwa muuguzi wa zahanati. Nilimwuliza kama kuna dawa ya kuutengeneza utumbo uliochakaa namna ile, naye akasema anachojua ni kuupumzisha usiumizwe tena, na kwamba umri wa mtoto hausubiri. Nilijua hivyo. Nilijua pia kwamba banda la kuku, choo, sabuni na maji yaliyochemshwa, hata vikija vyote, huenda visirudishe urefu wote uliopotea. Nisingeweza kumwahidi yeyote chochote. Jambo moja tu lilikuwa katika uwezo wangu, nalo lilikuwa aibu kwangu mwenyewe, maana kadi ile huonwa na mkuu wangu wa kazi.

Asubuhi nilifika kabla ya basi. Bibi alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni. Niliomba kadi, nikaiweka juu ya kinu, nikaikata ile sentensi kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na chini yake nikaandika nyingine na kutia sahihi. Sikuisoma mimi. Nilimpa binti aisome.

Aliisoma polepole, kwa sauti ya mwanafunzi aliyesimamishwa darasani: "Mama amemlisha mtoto vizuri na amefuata ushauri wote. Ushauri ndio uliokuwa na kosa. Mtoto anaumwa tumbo, hana njaa."

"Rudia," alisema bibi.

Akairudia. Sauti yake ilikatika kwenye neno "vizuri", akalimeza, akaendelea hadi mwisho.

Honi ya basi ilisikika barabarani. Bibi hakugeuka. Alifungua kanga taratibu, akamshusha mtoto na kumkabidhi mama yake, kisha akamfukuza kuku aliyekuwa mlangoni kwa teke dogo.

"Chupa nitaichukua," nilimwambia binti.

"Iache, dada. Nitaweka chai ya mama."

Nilimimina uji uliobaki ndani yake shimoni, nikaufukia, tukawasha moto wa kupika mwingine.